Kutoka Slaidi hadi Hadithi: Akiba ya Kijana katika Mwambao wa Kigoma

Elimu ya fedha kwa vijana nchini Tanzania hufundishwa mara nyingi kwa slaidi, yaani kurasa fupi zenye vichwa vya habari na vielelezo ambazo mkufunzi huzionyesha ukutani kwa projekta huku akizifafanua, na mpangilio wake umekuwa karibu uleule popote zinapopelekwa. Huanza kwa kutenganisha mahitaji na matakwa, hufuata bajeti, kisha lengo la akiba, mfuko wa dharura, na mwishoni riba pamoja na orodha ya taasisi zinazopokea amana. Pale mwalimu, mhariri au shirika linapoamua kuzigeuza slaidi hizo kuwa hadithi fupi ya kusomwa na wanafunzi wa sekondari wenye umri wa miaka 14 hadi 17, kazi huonekana kuwa nyepesi, kwa kuwa linalodhaniwa kuhitajika ni kumpata mhusika, kumpa jina, na kumfanya atende yale ambayo kila slaidi inaagiza. Hadithi nyingi za aina hiyo huishia kuwa slaidi zilizovikwa majina ya watu. Uchambuzi huu unachukua mwambao wa Ziwa Tanganyika kati ya Kibirizi, Kigoma mjini, Ujiji na Katonga, na hoja yake ni kwamba katika eneo hilo kinachoamua kama kijana ataweka akiba ni mambo matatu ambayo slaidi haziyataji, nayo ni siku ambazo pesa huingia, mahali zinapokaa, na watu wenye haki ya kuziomba. Tabia njema ya kijana huja nyuma ya hayo, na hadithi isiyojengwa juu yake haitaaminiwa na msomaji wa huko.

Jambo la kwanza ni kalenda. Slaidi ya bajeti hudhani kwamba mapato huingia mwishoni mwa mwezi, au kila wiki kwa kiwango kinachofanana, na ndiyo maana hushauri kutenga kiasi fulani kila Jumamosi. Pesa za mwambao wa Kigoma hazifuati utaratibu huo, kwa sababu sehemu kubwa ya mzunguko wake inatokana na dagaa, na dagaa huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta kuja juu ya maji. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, mwanga wake hutanda ziwani, taa hupoteza nguvu ya kuvuta, na wavuvi hupumzika kwa takriban wiki moja au zaidi kidogo hadi giza lirudi. Mzunguko mmoja wa mwezi una siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo katika kila mzunguko kuna kipindi cha kazi cha usiku kama 20, ambacho hapa kitaitwa giza, na kipindi cha mbalamwezi ambacho mwaloni hakuna kazi, na hata mama anayeuza chai na maandazi kando ya mitumbwi hupungukiwa wateja. Mhusika anayetakiwa kutenga shilingi kadhaa kila wiki, katika mahali ambapo wiki moja kati ya nne haina kipato, ataonekana mvivu au mzembe hata akiwa hana kosa lolote.

Juu ya kalenda hiyo ya mwezi kuna kalenda ya pili. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, Serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana, hatua iliyotokana na makubaliano ya nchi nne zinazopakana na ziwa hilo, ambazo ni Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Kwa mtunzi wa hadithi, usitishaji huo ni zawadi, kwa maana unampa kitu ambacho slaidi ya mfuko wa dharura haiwezi kumpa, yaani ukosefu wa kipato unaojulikana tarehe yake mapema, unaompata kila mtu kwa wakati mmoja, na ambao kwa hiyo hauwezi kutatuliwa kwa kukopa kwa jirani, kwani jirani naye hana kitu.

Ili kuona namna kalenda hizi zinavyoweza kubeba hadithi, na achukuliwe mhusika wa kubuni, msichana wa miaka 15 aitwaye Zuhura, mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayeishi na bibi yake Ujiji. Siku za Jumamosi na Jumapili huenda mwaloni kumsaidia mama mmoja mfanyabiashara kuanika dagaa. Mitumbwi hurudi alfajiri, dagaa humwagwa na kutandazwa juu ya mchanga au juu ya vichanja, yaani meza ndefu za miti na nyavu zinazowainua kutoka ardhini, na kazi ya Zuhura ni kuwatandaza wasilaliane, kuwageuza jua linapopanda, kuwafukuza kunguru, na kuwakusanya kabla umande haujashuka. Umri wake na aina ya kazi yake vimechaguliwa kwa makusudi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inamruhusu aliyefikisha umri huo kufanya kazi nyepesi tu, ambayo haitamdhuru na haitamzuia kuhudhuria shule. Sheria hiyohiyo inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 18 kama baharia wa chombo cha majini au mahali pengine penye hatari. Mtunzi anayemtuma mvulana wa miaka 15 kulala ziwani akivuta wavu ili apate pesa nzuri za kuwekea akiba atakuwa amefundisha slaidi moja na kuvunja sheria ya nchi katika ukurasa uleule.

Hesabu za hadithi ziwe chache na ziwe za kukaguliwa na msomaji kwa kalamu. Tuseme Zuhura hulipwa shilingi 3,000 kwa siku, na katika kila giza kuna mwisho wa wiki mara tatu, yaani siku sita za kazi, hivyo hupata shilingi 18,000. Katika hizo humpa bibi 6,000 za unga na sabuni, hubaki na 5,000 za chai ya shuleni na nauli, na 7,000 zinazobaki huziweka kwenye kibubu, 5,000 zikiwa za lengo lake na 2,000 zikiwa za dharura. Lengo ni shilingi 40,000 kabla ya kuingia Kidato cha Tatu mwezi Januari, ambapo 22,000 ni za viatu na 18,000 ni za begi na madaftari, kwa kuwa ada katika sekondari za Serikali hadi Kidato cha Nne iliondolewa tangu mwaka 2016 lakini vifaa vya mwanafunzi vimebaki mikononi mwa familia. Kati ya katikati ya Januari na tarehe 15 Mei kuna giza nne. Kati ya tarehe 15 Agosti na Januari kuna karibu giza tano, na katika hizo moja inaondolewa kwa ajili ya mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili unaofanyika karibu na mwisho wa mwaka. Jumla ni giza nane, na 5,000 mara nane ni 40,000. Mpango unatimia kwenye karatasi, na hadithi inaanza pale unapoacha kutimia.

Pigo la kwanza liwe dogo. Masika ya Kigoma huendelea hadi mwezi Aprili, na dagaa wanaonyeshewa wakiwa mchangani huoza au hubadilika rangi na kushuka bei, kwa hiyo siku ya mvua mfanyabiashara hahitaji mtu wa kugeuza. Katika giza moja Zuhura anapoteza siku mbili na kupata 12,000 tu. Akishikilia kuweka 7,000 kibubuni, na bibi akapewa 5,000 badala ya 6,000, yeye habaki na chochote, na giza hilo anakwenda shule kwa miguu na anakaa bila chai. Sehemu hii ndiyo inayomwonyesha msomaji, bila maelezo ya mtunzi, tofauti kati ya kutenga kiasi kisichobadilika na kutenga sehemu ya mapato. Anayetenga theluthi angeweka 4,000 na angekunywa chai, lakini lengo lingesogea mbele. Hakuna jibu moja sahihi hapa, na hadithi isijifanye kuwa nalo.

Pigo la pili ndilo kitovu. Ziwa linafungwa tarehe 15 Mei, kibubu kikiwa na shilingi 28,000, yaani 20,000 za lengo na 8,000 za dharura. Mwezi Julai mdogo wake Zuhura anashikwa na homa, bibi hana kitu kwa kuwa hata maandazi anayouza hayana wanunuzi, na zinahitajika shilingi 15,000 za vipimo na dawa. Mazungumzo yao yanaweza kuwa mafupi hivi:

«Zuhura, mjukuu wangu, ile ya kibubu ni ngapi?»

«Bibi, ya viatu au ya dharura?»

«Yote.»

«Ya dharura ipo elfu nane. Ile nyingine ni ya viatu, bibi.»

«Najua ni ya viatu. Nami sitakudanganya kwamba nitairudisha, maana sijui ziwa likifunguliwa kutakuwaje. Lakini mdogo wako amelala hivyo tangu jana.»

Katika hadithi iliyotungwa kwa kufuata slaidi, hapa ndipo bibi angekuwa mtu asiyejua thamani ya akiba, na Zuhura angesifiwa kwa kusema hapana. Msomaji wa Ujiji angekifunga kitabu. Bibi huyu haombi kwa tamaa. Amemlea Zuhura kwa pesa zilizotoka mfukoni mwake mwenyewe, na haki yake ya kuomba ni ya kweli kama ilivyo ya kweli hamu ya msichana kuvaa viatu vizima. Zuhura anatoa 15,000, akimaliza 8,000 za dharura na kuchukua 7,000 za viatu, na kibubu kinabaki na 13,000. Mgawanyo alioufanya tangu mwanzo haukuzuia hasara, ila uliipunguza, na uliwawezesha wawili hao kuzungumza kwa takwimu badala ya lawama.

Ziwa likifunguliwa, giza nne zinaleta 28,000 nyingine, na kufikia mwezi Desemba jumla ni 41,000. Ikiwa Zuhura ataendelea na mgawanyo wake, lengo litakuwa na 33,000 na dharura 8,000, na atanunua viatu pamoja na sehemu tu ya madaftari. Ikiwa ataingiza kila kitu kwenye lengo, atanunua vyote na kuanza mwaka akiwa na shilingi 1,000 kibubuni, mbele ya mvua na mbele ya uwezekano wa ziwa kufungwa tena. Mtunzi mwenye ujasiri atamwacha Zuhura achague njia ya kwanza, aingie darasani na begi la zamani lililoshonwa, na hatasema kama amefaulu au ameshindwa.

Mahali pa kuweka pesa panahitaji uangalifu mkubwa kuliko slaidi zinavyoupa, kwa kuwa slaidi huishia kwenye benki. Benki zipo Kigoma mjini, na akaunti za watoto na vijana zipo, lakini hufunguliwa na kusimamiwa na mzazi au mlezi, na kwa mtu mwenye shilingi 7,000 kwa mwezi, nauli ya kwenda na kurudi ni sehemu inayoonekana ya akiba yenyewe. Pesa ya simu hukaa kwa kawaida kwenye laini ya mtu mzima, ambapo salio la kijana na salio la mwenye laini huchanganyika na kugeuka kuwa salio moja. Kikundi cha VICOBA, yaani benki ndogo ya jamii ambamo wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana, na kugawana mwishoni mwa mzunguko, kina sanduku lenye kufuli kadhaa na funguo zinazoshikwa na watu tofauti, lakini wanachama wake ni watu wazima. Kibubu ndicho kinachobaki, nacho kina udhaifu wake: kipo nyumbani, na kila mtu wa nyumbani anakijua.

Hata hivyo, kibubu hakistahili kudharauliwa. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio magharibi mwa Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013, ambamo baadhi ya wanachama wa vikundi vya kuchangishana walipewa kisanduku chenye kufuli pamoja na ufunguo wake, na wengine wakapewa kisanduku kilekile huku ufunguo ukishikwa na mtu wa mradi. Waliokuwa na ufunguo wao wenyewe waliongeza akiba kwa ajili ya kinga za afya kama vyandarua, ilhali waliofungiwa hawakunufaika kwa namna hiyo, kwa kuwa pesa isiyoweza kutolewa siku ya shida haivutii mtu kuiweka. Kisanduku kilisaidia kwa sababu kiliipa pesa jina na mahali, na kilimpa mwenyewe la kujibu anapoombwa. Nchini Uganda, Dean Karlan na Leigh Linden walipata jambo linalofanana na hilo katika shule za msingi: wanafunzi waliorudishiwa akiba yao kwa pesa taslimu waliweka zaidi kuliko wale waliorudishiwa kwa vocha za vifaa vya shule tu. Kwa hiyo mtunzi asimfanye Zuhura azike kibubu chini ya kitanda na kuficha ufunguo kwa siri kubwa. Amwandikie kibubu chenye sehemu mbili, ambacho bibi anakijua na anajua kila sehemu ni ya nini.

Bibi naye anaweza kuwa na akiba yake ambayo slaidi haziitambui. Kigoma ni mkoa wa michikichi, na wanawake wengi hununua mawese yakiwa mengi na ya bei ya chini, wakayahifadhi kwenye madumu, wakayauza yanapoadimika. Wengine huweka thamani katika vitenge. Dumu la lita 20 lina faida moja juu ya noti, kwamba jirani akija kuomba 2,000 hawezi kuvunjiwa kipande cha dumu. Lina hasara zake pia, kwa sababu bei inaweza isipande, na dumu haligeuki pesa mara moja mtoto akiugua usiku. Kurasa mbili za bibi akijadiliana na mnunuzi wa mawese katika soko la Mwanga zingefundisha juu ya akiba ya mali kuliko ufafanuzi wowote, na zingemwondoa bibi katika nafasi ya mtu wa kufundishwa.

Kuhusu mpangilio wa wahusika, Tanzania ina mfano uliopimwa. Mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993 kuhusu uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, uliwapanga watu wake katika makundi matatu, yaani mwema, mbaya, na yule anayebadilika polepole baina ya hao wawili, na kwa miaka ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo ili watafiti waweze kulinganisha. Aliyekumbukwa sana na wasikilizaji alikuwa dereva wa lori mkware, Mkwaju, lakini somo lilibebwa na mkewe Tunu, aliyebadilika hatua kwa hatua mbele ya masikio yao. Kwa hadithi ya akiba maana yake ni kwamba Zuhura asianze akiwa na nidhamu. Katika giza la kwanza atumie pesa zote kwa kitenge cha sikukuu, na la pili aweke kidogo kisha azitoe. Hapo hesabu za giza nane zitapungua, na mtunzi atalazimika kuzipiga upya, jambo ambalo ni jema.

Kuna hatari nyingine ambayo watunzi huigundua wakiwa wamechelewa. Mwaka 2011 shirika la Femina Hip, linalochapisha jarida la Fema linalosambazwa katika shule za sekondari, lilianzisha kipindi cha televisheni cha Ruka Juu, ambamo vijana walishindana katika biashara ndogo. Watafiti waliowafuatilia zaidi ya wanafunzi 2,000 wa sekondari, baadhi yao wakiwa wamepewa motisha ya kukitazama, walikuta kwamba kipindi kiliamsha hamu ya ujasiriamali na kuwasukuma baadhi yao kuanzisha biashara, lakini pia kwamba matokeo yao ya shule yalishuka. Kipindi hakikusema popote kwamba shule haifai. Kilionyesha tu vijana wanaong'ara wakiwa na pesa mkononi, na watazamaji wakajitafsiria. Zuhura aliyefanikiwa mno mwaloni, aliyeanza kununua ndoo zake mwenyewe za dagaa na kuuza hadi Tabora, angekuwa tangazo zuri la kuacha Kidato cha Tatu, na ndiyo sababu giza la mwezi wa mtihani linafutwa katika hesabu yake waziwazi, msomaji akiona shilingi 7,000 za akiba zikiachwa kwa ajili ya siku sita za kusoma.

Slaidi ya riba iachwe kabisa. Mfumuko wa bei nchini katika miaka ya karibuni umekuwa kama asilimia 3 kwa mwaka, kwa hiyo shilingi 40,000 zilizokaa kibubuni mwaka mzima hupoteza thamani ya shilingi 1,200 hivi, kiasi ambacho si sifuri lakini hakifikii malipo ya nusu siku ya kugeuza dagaa. Riba ina mahali pake katika hadithi nyingine, ya mhusika mkubwa zaidi aliyekopa.

Rasimu ikishakamilika, isomwe na wanafunzi wa Kidato cha Pili wa Ujiji na Katonga kabla ya kwenda kiwandani, na baada ya kusoma wasiulizwe wamejifunza nini, kwa kuwa kila mwanafunzi wa Tanzania anajua jibu la swali hilo kabla ya kusoma. Waulizwe kibubu kilikuwa na kiasi gani siku ziwa lilipofunguliwa, bibi alikosea au hakukosea, na wao wangechukua ipi kati ya njia mbili za mwezi Desemba. Wakikumbuka 13,000, wakabishana juu ya bibi, na wakagawanyika juu ya Desemba, hadithi ipigwe chapa. Wakijibu tu kwamba akiba ni muhimu, irudishwe kwa mtunzi pamoja na kalenda ya mwezi.